Walisema wamepata watu, mbona tangazo limerudi?

Binamu yangu alinitumia skrinishoti saa mbili usiku, Jumanne moja ya mwezi wa tano, bila hata salamu. Lilikuwa tangazo la kazi: mtunza stoo, kiwanda cha kuchakata samaki kando ya ziwa hapa Mwanza, mwisho wa maombi tarehe 16 Mei. Chini yake ameandika neno moja tu: "Ona."

Nilielewa. Tarehe 11 Machi alikuwa amefanya usaili wa nafasi hiyohiyo katika kiwanda hichohicho. Tarehe 24 akapokea barua pepe ya mistari miwili: tunakushukuru kwa kushiriki, tunasikitika kukujulisha kuwa wamechaguliwa waombaji wengine. Sasa ni tarehe 6 Mei, na kazi iko sokoni tena. Alikuwa na hasira, na alitaka nimsaidie kuandika ujumbe wa kuwauliza kama walikuwa wanamdanganya.

Nimekaa meza ya utumishi miaka tisa, katika kampuni mbili za hapa mjini, na barua za namna ile nimeziandika nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nilimwambia asiandike kitu usiku ule. Kesho yake tulifuata hatua hizi.

Kwanza, hakikisha tangazo ni jipya

Matangazo mengi yanayorudi hayajarudi. Mtu amelikuta la zamani, akalimwaga kwenye kundi la WhatsApp, na wewe ukaliona kama jambo la leo. Tazama tarehe ya mwisho ya kutuma maombi. Kama imepita, au imekatwa kwenye picha, achana nalo mpaka ulione kwenye chanzo chake: tovuti ya kampuni, au ubao wa matangazo pale getini. Viwanda vingi vya huku bado vinabandika karatasi getini, na karatasi ya getini haidanganyi.

Tazama pia maombi yanatumwa wapi. Kama tangazo la kwanza lilikuwa na anwani ya barua pepe ya kampuni na hili la pili lina anwani ya mtu binafsi, au namba ya simu ya kulipia "hela ya fomu", hiyo si kazi. Matapeli wanapenda kunakili matangazo ya kweli kwa sababu jina la kampuni watu wanalijua.

Likishathibitika, weka matangazo mawili kando kwa kando na usome neno kwa neno. Hapa ndipo watu wengi wanapita haraka, na mimi naona ndipo penye habari zote. La Machi lilisema nafasi 2. La Mei lilisema nafasi 1. La Mei lilikuwa limeongezwa sentensi mbili: mwombaji "awe tayari kufanya kazi kwa zamu, ikiwemo ya usiku", na "uzoefu wa vyumba vya baridi utazingatiwa". Mengine yote yalikuwa yaleyale, hadi kosa la herufi kwenye neno "stashahada".

Kwa mtu aliyekaa ile meza, hapo hadithi imeshajisimulia. Walichukua watu wawili kweli. Mmoja yupo. Mwingine ameondoka, na kilichomwondoa ni usiku na baridi, ndiyo maana safari hii wanayasema mapema.

Pili, hesabu wiki

Muda kati ya barua ya kukataliwa na tangazo jipya unakuambia mengi.

Likirudi ndani ya wiki mbili au tatu, aliyechaguliwa hakuripoti. Pengine alitajiwa mshahara akaona hautoshi, au alikuwa na kazi nyingine mkononi. Kwa mtunza stoo kuna sababu nyingine: wadhamini. Mtu anayekabidhiwa mali mara nyingi hudaiwa wadhamini wawili na barua ya serikali ya mtaa, na wapo wanaofaulu usaili wakakwama hapo. Kwenye kiwanda cha chakula kuna pia upimaji wa afya kabla ya kuanza.

Likirudi baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, mtu aliingia akatoka kwenye majaribio. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasaidia kukisia tarehe: ndani ya mwezi wa kwanza notisi ni siku 7 tu, na baada ya hapo, kwa mwenye mshahara wa mwezi, ni siku 28. Kwa hiyo anayeona kazi haimfai huwahi kuondoka kabla mwezi haujaisha. Kwa tangazo la binamu yangu hesabu ilikaa sawasawa. Mtu aanze tarehe 1 Aprili, achoke wiki ya tatu, amalize siku zake 7, meneja asaini ombi la kutangaza upya, na tarehe 6 Mei tangazo liko nje.

Likirudi baada ya nusu mwaka au zaidi, au idadi ya nafasi ikiwa imeongezeka, ichukulie kama kazi mpya kabisa. Na kama sifa zimepandishwa sana, kwa mfano awali walitaka cheti na sasa wanataka shahada, basi huenda hawakumpenda yeyote mara ya kwanza. Nakiri hapa jambo ambalo sijivunii: niliwahi kutuma barua ya "wamechaguliwa waombaji wengine" kwa watu kumi na wanne wakati hakuna aliyechaguliwa. Bajeti ilisimamishwa, na barua ile ndiyo iliyokuwepo kwenye kompyuta.

Utauliza: kama mtu ameondoka, kwa nini wasimpigie aliyeshika nafasi ya tatu, wakamaliza? Wakati mwingine tunapiga. Lakini mara nyingi jalada limeshafungwa, mkuu wa idara anasema anataka "sura mpya", na juu ya hayo kuna aibu. Ukishamwandikia mtu kwamba hukumchagua, kumpigia wiki sita baadaye ukamwambia njoo ni kazi nzito. Unadhani amekasirika, au ameshapata kwingine. Kutangaza upya ni rahisi kuliko simu hiyo moja. Kwa hiyo ukianza wewe kuuliza, kwa upole, unamwondolea afisa utumishi mzigo ambao hakuwa anajua atautuaje.

Tatu, uliza kabla ya kutuma maombi

Uliza ndani ya siku mbili tangu ulione tangazo, kwa sababu mafurushi ya maombi yakishaanza kuingia hutasikika. Mwandikie aliyesaini barua yako au aliyekupigia kukuita usaili. Usimwandikie mkuu wa stoo, na usipitie kwa shemeji yako aliye kwenye kukata minofu. Afisa utumishi akisikia habari zako kutoka jikoni, anajifunga.

Ujumbe wa binamu yangu, baada ya kuufuta mara tatu, ulikuwa huu:

"Shikamoo mama. Nilifanya usaili wa nafasi ya mtunza stoo tarehe 11 Machi, na tarehe 24 nikapokea barua yenu kuwa wamechaguliwa wengine. Nimeona nafasi imetangazwa tena, mwisho tarehe 16 Mei. Kazi hii bado naihitaji, na zamu ya usiku naiweza. Naomba kuuliza: nitume maombi mapya, au yale ya Machi bado yanatumika? Natanguliza shukrani." Kisha jina lake kamili kama lilivyo kwenye vyeti, na namba ya simu.

Tarehe zile zipo ili mama yule afungue jalada bila kutafuta. Zamu ya usiku imetajwa kwa sababu ndiyo iliyomkimbiza mtangulizi. Na swali ni moja, la kujibiwa kwa sentensi moja, halimdai mtu maelezo. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa na "naomba kufahamu ni kwa nini mlisema nafasi zimejaa". Ujumbe wa hivyo haujibiwi na afisa. Unapelekwa kwa bosi, na bosi anasema usijibu.

Kama hujajibiwa kwa siku mbili za kazi, piga simu. Mara moja. Saa nne hadi saa sita asubuhi ni muda mzuri. Jumatatu na siku za mwisho wa mwezi ziache, wako kwenye mishahara. Binamu yangu alipiga Ijumaa akiwa ameketi kwenye ukuta wa nyumba yetu, mimi nasikiliza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, nani mwenzangu?"

Akajitaja, akataja tarehe ya usaili, akasema ametuma barua pepe juzi Jumatano.

Kimya kidogo, karatasi zinapekuliwa. "Aah. Wewe ndiye uliyetoka kwenye depo ya soda."

"Ndiyo mama."

"Sasa mwanangu, tuma upya. Ya zamani siwezi kuyaingiza kwenye orodha hii, wakaguzi watauliza. Halafu ulisema usiku unaweza? Unakaa wapi?"

"Buhongwa, mama. Zamu ikianza nitalala kwa dada yangu Kirumba, siku za usiku."

"Haya. Tuma."

Simu haikufika dakika mbili. Angalia alichouliza yule mama: hakuuliza cheti, aliuliza unakaa wapi. Mtu anayetoka zamu saa kumi na moja alfajiri akategemea daladala ya kwanza ndiye anayechelewa, na mwishowe ndiye anayeacha kazi. Kama kazi uliyoomba ni ya zamu, uwe na jibu la usafiri kabla hujapiga.

Kama ukiambiwa "hukufikia kiwango", usibishane. Uliza jambo moja: "Naomba kujua ni sehemu gani nilipungukiwa, ili nijirekebishe." Wengine watakwambia. Wengine watasema ni siri ya ofisi, na hapo umefika mwisho. Shukuru, kata simu.

Nne, maombi yawe mapya kweli

Usitume faili lile la Machi lenye tarehe ya Machi. Nimeshapokea hayo, na yanaudhi kuliko unavyofikiri. Barua iwe ya ukurasa mmoja, sentensi moja iseme ulishafanya usaili na lini, kisha ujibu yale yaliyoongezwa kwenye tangazo.

Binamu yangu hajawahi kufanya kazi kwenye vyumba vya baridi, na hatukuandika kwamba amewahi. Tuliandika alichonacho: miaka miwili kwenye depo ya vinywaji Igoma, akipokea mizigo, akijaza bin kadi, ile kadi ya kuandika kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, kwa kila bidhaa, akihesabu mzigo kila Jumamosi, na akihakikisha kilichoingia kwanza ndicho kinachotoka kwanza. Kwa samaki kanuni hiyo ni ileile, ila ukikosea kwenye soda unapoteza faida, na ukikosea kwenye minofu ya sangara mzigo mzima unaweza kukataliwa na mnunuzi. Akaongeza kwamba anafahamu bidhaa iliyogandishwa hutunzwa nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi, na kwamba kusoma kipimajoto na kukiandika kwenye daftari kila baada ya muda uliopangwa ni kazi anayoweza kuianza siku ya kwanza.

Tano, rudi na jibu lililokukwamisha

Siku ileile ulipotoka usaili wa kwanza ulipaswa kuandika maswali yote uliyoulizwa. Kama hukuandika, kaa chini sasa ukumbuke. Maswali ya usaili kwenye kampuni moja hayabadiliki sana. Mtungaji ni yuleyule na ana kazi nyingine.

Binamu yangu alikumbuka lililomtoa jasho: "Ukihesabu mzigo ukakuta haulingani na daftari, utafanya nini?" Mwezi wa tatu alijibu, "Nitamwambia bosi." Si jibu baya, lakini ni jibu la mtu yeyote. Tulikaa jioni moja tukalitengeneza upya, kwa jinsi mtunza stoo anayejua kazi anavyofanya. Unahesabu tena, ikiwezekana na mtu wa pili. Unatafuta hati ya kupokea mzigo ambayo haijaingizwa, na hati ya kutolea ambayo mtu alichukua kitu kwa haraka akasema atasaini baadaye. Unaangalia kama kipimo kimechanganywa, katoni zikaandikwa kama kilo. Ukimaliza hayo na tofauti bado ipo, unaiandika kama ilivyo, unasaini, unaripoti siku hiyohiyo. Jambo moja hulifanyi kamwe: kurekebisha daftari lifanane na ulichohesabu ili mambo yaishe.

Jiandae pia kwa swali ambalo lazima liulizwe: "Ulishakuja hapa, nini kimebadilika?" Jibu kwa kitu, si kwa hisia. Yeye alisema, "Tangazo la kwanza halikutaja usiku. Sasa najua, na nimepanga pa kulala." Akanyamaza. Inatosha.

Mambo mawili yanayoenda tofauti

Kazi za serikali hazifuati njia hii. Ukiwa umeomba kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kupiga simu taasisi iliyo Mwanza hakusaidii, kwa sababu wao si waliosaili. Angalia akaunti yako ya Ajira Portal. Waliofaulu usaili wakakosa nafasi kwa sababu ya idadi huwekwa kwenye kanzidata na wanaweza kupangiwa kazi baadaye bila usaili mwingine. Kwa hiyo nafasi kama ile ikitangazwa tena haimaanishi jina lako limetupwa. Omba tena hata hivyo, na simu uliyojisajili nayo iendelee kuwa hewani.

Jambo la pili ni zito zaidi. Kama kwenye usaili uliulizwa kuhusu mimba, ndoa, dini, kabila au ulemavu wako, ukakataliwa, na sasa nafasi imerudi wakati sifa zote unazo, hapo si suala la kutuma ujumbe wa upole. Kifungu cha 7 cha sheria ile ya 2004 kinakataza ubaguzi, na kinamhesabu mwombaji kazi kama mfanyakazi kwa jambo hilo. Hifadhi matangazo yote mawili na barua uliyopewa, andika maneno uliyoulizwa na nani aliyeuliza, uende ofisi ya kazi ya mkoa. Usichelewe, malalamiko ya kazi yana ukomo wa siku.

Lini uache

Ujumbe mmoja, simu moja, maombi mapya. Baada ya hapo umemaliza, hata wakinyamaza. Ukipiga mara ya nne, jina lako litaandikwa pembeni kwa kalamu, na si kwa sifa.

Na kama tangazo lilelile limerudi mara tatu kwa mwaka, usiulize ofisini. Nenda kale wali maharage kwa mama lishe wa getini, saa saba, wakati wafanyakazi wanatoka. Uliza kwa nini watu hawakai kwenye stoo ile. Yule mama anajua mishahara inachelewa siku ngapi, msimamizi yupi anatukana, na nani alikatwa fedha za mzigo uliopotea zamu isiyo yake. Binamu yangu alienda. Aliambiwa kijana aliyeondoka hakuwa na ugomvi na mtu, ila usiku wake wa nne ndani ya chumba cha baridi alitoka akasema yeye si samaki.

Aliitwa tarehe 22 Mei. Walikuwa watu watano, na swali la daftari lilikuwepo, limebadilishwa tu katoni zikawa magunia. Wiki iliyofuata akapewa mkataba wa majaribio wa miezi mitatu, akadaiwa wadhamini wawili, mmoja wao mimi. Usiku wake wa kwanza alinipigia saa tatu kasoro, akiwa mlangoni mwa stoo, kuuliza kama nina koti zito la kumwazima. La kazi lilikuwepo moja, na yule kijana alikuwa ameondoka nalo.